Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: muuguzi akae mlangoni, dirisha lije baadaye

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Mganga Mfawidhi,
na Muuguzi Mkuu.

Waheshimiwa,

YAH: UTARATIBU WA KUWAPOKEA WAGONJWA KATIKA KITENGO CHA DHARURA

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaandika hadharani kwa sababu njia za ndani tumezimaliza: tumeandika kwenye kitabu cha taarifa za zamu, tumesema kwenye vikao vya idara, na tumeleta barua rasmi zilizopokelewa na kugongwa muhuri. Jibu lililorudi kila mara ni kwamba jambo linafanyiwa kazi. Hatumtaji mtu wala hatutafuti wa kulaumiwa. Tunachoeleza hapa ni utaratibu, na utaratibu unaweza kubadilishwa kwa sahihi zenu tatu.

Sisi ni wauguzi wa triaji, wale wanaosimama mbele ya ukumbi uliojaa na kuamua nani aingie sasa hivi, nani aingie ndani ya dakika 10, na nani anaweza kungoja bila kudhurika. Tunatumia kipimo cha madaraja cha Afrika Kusini, ambacho nyote mnakijua: nyekundu ni sasa hivi, chungwa ni ndani ya dakika 10, njano ndani ya dakika 60, kijani ndani ya dakika 240. Kipimo hakina kasoro tunayoilalamikia. Tunalalamikia mahali kilipowekwa, namna kinavyojazwa, na kinachotokea baada ya rangi kutolewa.

1. Dirisha la usajili limetangulia jicho la muuguzi

Mgonjwa anayeingia leo anakutana kwanza na mlinzi, kisha karani wa usajili, kisha dirisha la malipo. Muuguzi ni wa nne. Fanyeni hesabu ndogo. Watu 30 wakiwa kwenye foleni na kila mmoja akichukua dakika 3 dirishani, wa mwisho anafika kwetu baada ya karibu dakika 90. Kama huyo wa mwisho alistahili rangi ya chungwa, amepitwa na muda wake mara tisa kabla hajaonekana na mtu yeyote aliyesomea kuona. Na sisi tukimpokea tunaandika saa aliyofika mezani petu, siyo saa aliyovuka mlango, kwa hiyo kwenye taarifa ya mwezi anaonekana amehudumiwa kwa wakati. Ndiyo maana takwimu mnazoletewa ni nzuri na ukumbi ni mbaya.

Mtu anaweza kuuliza muuguzi angefanya nini mlangoni ambacho karani hafanyi. Jibu ni kwamba angesalimia, na salamu yake ni kipimo.

Anayejibu kwa sentensi nzima ametuambia mengi kwa mkupuo: njia yake ya hewa iko wazi, mapafu yanampa pumzi ya kutosha kumaliza maneno, na ubongo unapata damu ya kutosha kuyapanga. Anayejibu neno moja, akavuta pumzi, kisha neno jingine, ana shida ya kupumua hata kama hajasema. Anayekaa ameinamia mbele, mikono imekamata magoti na mabega yanapanda na kushuka, huyo haulizwi jina. Asiyejibu kabisa ilhali jirani yake kaitika, tunamwendea pale alipo. Kwa sababu hiyo muuguzi mzoefu hasalimii "hujambo". Lugha yetu imetuzoesha kujibu "sijambo" hata roho ikiwa mkononi, na neno hilo halihitaji pumzi wala akili timamu. Anauliza, "Kimekuleta nini leo?" Swali hilo halijibiki kwa neno moja.

Mkono nao unapima. Ukimshika mgonjwa kiganja unapata joto au baridi, ukavu au jasho, na vidole vyako viwili vikiteleza hadi kwenye kifundo unapata mapigo: yana nguvu au ni membamba, yanakwenda sawa au yanarukaruka. Kiganja cha baridi chenye jasho kwa mtu mzima anayelalamika kifua au tumbo hakiachwi kwenye benchi. Mtu mzima mwenye maumivu ya kifua anapaswa kupigwa kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu avuke mlango, na kwa utaratibu wa sasa dakika hizo zinaishia kwa karani.

Watoto ndio wanaoumia zaidi na foleni ya dirisha, kwa sababu karani anamwona mama tu. Mtoto yuko mgongoni au kifuani, amefunikwa. Kwa mtoto hatua ya kwanza ni kumfunua. Tunatazama kifua kinabonyea chini ya mbavu au la, tunasikiliza kama anakoroma au anatoa mlio, tunashika mikono kama ni ya baridi. Mikono ikiwa baridi tunabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, tunauachia na kuhesabu. Wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri mwishoni mwa mwili. Anayeharisha na amelegea, macho yameingia ndani, tunamfinya ngozi ya tumbo: mkunjo ukikaa zaidi ya sekunde 2 kabla ya kurudi, amekauka vibaya. Mwenye degedege au aliyepoteza fahamu haingoji hata uchunguzi huo. Mtoto wa chini ya miezi 2 anatangulizwa mbele hata akionekana mzima, kwa kuwa umri huo unaficha ugonjwa na hali hugeuka haraka.

Mkumbuke pia kwamba anayelia kwa sauti ana hewa. Ukumbini sauti kubwa humvuta kila mtu, karani akiwemo, na aliyenyamaza kwenye kona ndiye anayesahaulika. Yote tuliyoyaeleza hapo juu, kwa aliyezoea, hayazidi dakika moja kwa mtoto, na kwa mtu mzima anayetembea na kuongea ni nusu dakika.

2. Pumzi zinazobuniwa

Hoja hii inatuhusu sisi wenyewe, na tunaiandika kwa aibu kidogo. Chukueni kadi 20 za zamu yoyote yenye msongamano, mtazame safu ya kasi ya kupumua. Mtakuta 18, 20, 18, 20, 20. Wanadamu 20 wenye magonjwa tofauti hawapumui namna hiyo. Namba hizo hazikuhesabiwa. Presha inatoka kwenye mashine, joto linatoka kwenye mashine, mapigo yanatoka kwenye kifaa cha kidoleni. Pumzi peke yake inahitaji muuguzi akae kimya dakika nzima akitazama kifua, na dakika nzima ndiyo kitu ambacho mpangilio wenu haumpi.

Ili muone gharama yake, tufuate mgonjwa mmoja wa mfano hatua kwa hatua.

Mwanamke wa miaka 26 anafika kwa muuguzi saa 3:10 asubuhi. Anatembea mwenyewe. Anasema tumbo la chini linamuuma tangu alfajiri na alipoinuka kitandani aliona kizunguzungu. Pumzi 20 kwa dakika, mapigo 104, presha 112 kwa 70, joto 36.7, yuko macho na anaongea vizuri, hajaumia popote. Kwenye jedwali la alama, kutembea ni 0, pumzi kati ya 15 na 20 ni alama 1, mapigo kati ya 101 na 110 ni alama 1, vingine vyote 0. Jumla 2. Kwa alama peke yake huyu ni kijani. Lakini kipimo kina orodha ya dalili zinazompandisha mtu daraja hata namba zikiwa nzuri, na maumivu ya tumbo yamo. Anapewa njano na kuelekezwa benchi.

Saa 4:10 bado yuko benchi. Sasa anainuka kwa kushikwa na ndugu yake. Pumzi 24, mapigo 118, presha 104 kwa 68, joto lilelile, bado anajibu. Kutembea kwa kusaidiwa ni alama 1, pumzi kati ya 21 na 29 ni alama 2, mapigo kati ya 111 na 129 ni alama 2, presha bado ni 0 kwa kuwa haijashuka chini ya 101. Jumla 5. Huyu ni chungwa, dakika 10. Lakini kama muuguzi, mwenye watu wengine 40 mbele yake, ameandika pumzi 18 kwa mazoea, safu hiyo inatoa alama 1 badala ya 2. Jumla inakuwa 4. Anabaki njano, kadi ileile, benchi lilelile, na kwenye karatasi inaonekana amepimwa upya na hali yake haijabadilika daraja.

Kinachoendelea ndani yake ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, mrija umepasuka na damu inamwagikia tumboni. Presha haikusema kwa sababu mwili wa kijana hubana mishipa na kuuharakisha moyo ili kuilinda; mtu mzima anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake, kama lita moja na nusu, kabla namba ya juu ya presha haijaanguka waziwazi. Inapoanguka, huanguka kwa ghafla. Pumzi na mapigo ndivyo vinavyotangulia kusema, na kati ya hivyo viwili pumzi ndiyo tunayoibuni. Mapigo nayo hayaaminiki peke yake, maana kwa baadhi ya wanaovuja damu tumboni hayapandi inavyotarajiwa.

Tena mwanamke huyu angeweza kukamatwa saa 3:10 ileile kwa swali moja: "Mara ya mwisho uliona siku zako lini?" Akijibu wiki 7, mimba inadhaniwa mpaka kipimo cha mkojo kikatae, na maumivu ya tumbo kwa mjamzito ni chungwa moja kwa moja bila kungoja jumla ya alama. Swali la pili ni kama bega linamuuma bila kuumia bega, kwa sababu damu ikifika chini ya kiwambo cha kifua maumivu huhamia huko. Sasa tazameni meza yetu ilipo: hatua mbili kutoka benchi la kwanza, shemeji kasimama ubavuni, watu sita wanasikiliza. Swali kama hilo likiulizwa pale linajibiwa uongo, au halijibiwi. Pazia moja lingetosha.

Pumzi huhesabiwa baada ya mapigo, vidole vikiwa bado kwenye kifundo, ili mgonjwa adhani bado unapima mapigo. Akijua unahesabu pumzi anaibadilisha bila kukusudia. Kuhesabu sekunde 30 na kuzidisha kwa 2 kunafanya kosa la pumzi moja liwe mbili, na tumeona hapo juu alama moja inafanya nini. Kwa mtoto ni dakika nzima, akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Kwake pumzi 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi kabla ya kutimiza mwaka, na 40 au zaidi kati ya mwaka 1 na miaka 5, ni za haraka. Saa ya ukutani iliyo mbele ya meza yetu haina mshale wa sekunde. Tumeomba inayouonyesha.

3. Mashine zinazodanganya

Hili ni fupi. Meza ina mkanda mmoja wa presha, wa ukubwa wa kati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli, mkubwa kwenye mkono mwembamba unasoma chini. Tunapandisha watu daraja na kuwashusha kwa sababu ya unene wa mikono yao. Tunahitaji mikanda ya ukubwa wa aina tatu, na mmoja wa mtoto.

Kifaa cha oksijeni cha kidoleni nacho kinasoma vibaya kidole kikiwa baridi, kucha ikiwa na rangi, au mkono ukitetemeka, na kwenye ngozi nyeusi huwa kinaonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Njia ya kukikagua ni kulinganisha mapigo kinayoonyesha na yale unayoyahesabu kwenye kifundo. Yakitofautiana sana, asilimia yake usiiamini. Mgonjwa anayehangaika kupumua huku kifaa kikionyesha 95 ni mgonjwa anayehangaika kupumua. Na kipima sukari kiwepo mezani, siyo kwenye kabati la wodi, maana aliyechanganyikiwa, aliyezimia na mtoto mwenye degedege wote wanapimwa sukari kabla hawajadhaniwa kitu kingine.

4. Rangi inatolewa mara moja tu

Mgonjwa akishapewa kadi, hakuna anayemrudia. Mwanamke wa mfano wetu tulimpa bahati ya kupimwa tena saa 4:10; katika utaratibu wa sasa hakuna aliyepangiwa kufanya hivyo. Muuguzi mmoja hawezi kupima wapya na kuwazungukia wanaosubiri kwa wakati mmoja, na wapya ndio wanaosimama mbele ya macho yake.

Matokeo yake yanaonekana hasa kwenye kuita majina. Jina likiitwa mara tatu bila jibu, karani anaandika "hakuwepo" na kuita linalofuata. Wakati mwingine kweli mtu kaondoka. Wakati mwingine hajibu kwa sababu amezimia akiegemea ukuta, na walio karibu naye wanadhani amesinzia. Wakati mwingine yuko chooni: mwenye damu inayovuja tumboni au utumboni mara nyingi huhisi haja, hujiinua, kisha huanguka huko kwa kuwa kusimama kumemshusha presha. Neno "hakuwepo" lisiandikwe kabla mtu hajapita mabenchi yote na kugonga milango ya vyoo.

5. Kadi isiyofungua mlango

Tuseme yote yamefanyika sawa. Muuguzi ameona, amehesabu, ametoa nyekundu. Anasukuma machela hadi chumba cha dharura na kukuta vitanda vyote vimelaliwa na wagonjwa waliokwisha tibiwa, wanaosubiri nafasi wodini tangu jana. Anaambiwa angoje. Rangi nyekundu iliyoambiwa ingoje imegeuka kijani.

Hapa ndipo tunapoomba jambo lenye uzito kuliko vifaa vyote: kitanda kimoja kiwe wazi muda wote, na mgonjwa akikilalia, zamu iwe na wajibu wa kumtoa mwingine ndani ya muda mfupi, hata kwa kumhamishia koridoni akiwa na muuguzi wake. Koridoni ni pabaya. Lakini aliyeko koridoni amekwisha onekana na daktari, anajulikana ana nini, na dawa zimeanza. Aliyeko mlangoni hajulikani.

Kuna pia mgonjwa wa simu. Kila zamu inamfahamu: anafika, anampa muuguzi simu, na upande wa pili yuko mtu mwenye cheo anayesema "huyo ni wangu, mpitishe." Mara nyingi ni kijani. Kumpitisha kunamsogeza mtu wa chungwa nyuma kwa muda wote atakaokaa kwa daktari, na muuguzi aliyekataa ndiye anayeitwa ofisini kesho yake. Hatutaki kuwekwa kwenye mtihani huo. Tunataka maandishi yenye sahihi zenu yanayosema rangi haibadilishwi kwa simu, ili tuwe na karatasi ya kumwonyesha mpigaji.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema hakuna watumishi wa kutosha. Ni kweli, na ndiyo sababu hatukuomba watu wapya kwanza. Triaji kamili yenye vipimo vyote inachukua kama dakika 4. Watu 30 wakifika ndani ya saa moja hizo ni dakika 120 za kazi. Muuguzi mmoja hawezi, hata awe hodari namna gani. Mkiitenga kazi mara mbili inawezekana: muuguzi mmoja mlangoni anawatupia jicho wote kwa nusu dakika kila mmoja, watu 30 kwa dakika 15, akiwachomoa walio wekundu waziwazi, na wa pili mezani anawapima waliobaki kwa utulivu. Huyo wa mlangoni atakuwa na dakika za kuzunguka mabenchi. Wa mezani hatawamaliza 30 ndani ya saa hiyo, hilo tunalikubali, ila waliobaki watakuwa wameonwa na mtu. Hao wauguzi wawili wapo leo. Mmoja wao anajaza daftari la vifaa wakati wa saa za msongamano.

Mtasema usajili ukichelewa, watu wataondoka bila kulipa. Wenye kadi za njano na kijani watasajiliwa kama kawaida, wakisubiri, na wana muda mwingi wa kusubiri. Wanaoingia ndani kabla ya dirisha ni wachache, nao karani anaweza kuwafuata kitandani na daftari lake. Kila mmoja apewe namba ya muda kwenye mkanda wa mkono ili damu iliyochukuliwa na dawa iliyotolewa visipotee.

Mtasema wananchi watafanya fujo wakiona aliyechelewa kufika anatangulia. Fujo hutokea watu wasipoelezwa. Bango kubwa lenye rangi nne na maana yake, likisaidiwa na muuguzi anayesema kwa sauti kila nusu saa kwamba hapa haitangulii aliyewahi bali aliyezidiwa, na kwamba yeyote anayejisikia kubadilika apunge mkono, hupunguza manung'uniko mengi. Hayaishi yote. Mtu aliyeambiwa "kijani, dakika 240" hafurahi, na ana haki ya kutofurahi, lakini anajua yuko wapi.

Wapo watakaosema kila mgonjwa atajifanya mahututi ili apite. Atajaribu, na kwa sauti atafanikiwa. Kwa mapigo na joto hafanikiwi kirahisi. Tena kosa la kumpandisha mzima linagharimu dakika za daktari. Kosa la kumshusha mgonjwa mahututi halirekebishiki. Kati ya makosa hayo mawili tunachagua la kwanza, na tunaomba tusiadhibiwe kwalo.

Tunachoomba, ndani ya siku 30

Muuguzi wa triaji akae mlangoni, kabla ya usajili na malipo, saa zote 24, na saa ya kufika iandikwe pale mgonjwa anapovuka mlango. Saa za msongamano wawe wawili, mmoja wa jicho na mmoja wa vipimo.

Walinzi wafundishwe nusu siku dalili tano za kumkimbiza mtu ndani bila kuuliza: anayehangaika kupumua, asiyeamka akiitwa, anayetetemeka kwa degedege, anayevuja damu nyingi, na mjamzito mwenye damu, degedege au maumivu makali. Mlinzi ndiye anayewaona wote kwanza, tutake tusitake.

Kasi ya kupumua ihesabiwe dakika nzima, na kila wiki msimamizi achambue kadi 20. Namba zilezile zikijirudia, atuulize. Sisi tuko tayari kuulizwa.

Wanaosubiri wapimwe upya: chungwa ambaye hajaingia baada ya dakika 10, njano kila dakika 30, kijani kila saa 2, na yeyote ambaye yeye au ndugu yake anasema hali imebadilika, hapohapo. Saa ya kila marudio iandikwe kwenye kadi.

Saa yenye mshale wa sekunde, pazia, mikanda ya presha, kipima sukari na vipimo vya mimba vya mkojo viwe mezani. Orodha yenye idadi tuliiambatanisha kwenye barua yetu ya mwisho, ambayo ina muhuri wa ofisi yenu.

Kitanda kimoja cha chumba cha dharura kiwe wazi, na waraka wa kuzuia mgonjwa wa simu ubandikwe mezani ukiwa na sahihi za nyote watatu.

Tunaomba kikao, kitengo cha dharura na siyo ofisini, siku ya Jumatatu kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi, ukumbi ukiwa umejaa. Viti havitakuwepo, ila tutawapisha mlangoni.

Wenu katika kazi,

Wauguzi wa dawati la triaji,
Kitengo cha Dharura